UZI: Nani anaipa barabara jina Garissa, na kwa nini kibao peke yake hakitoshi

1/
Msimu wa siasa ukikaribia, lazima utasikia mtu akisimama jukwaani Garissa, Wajir au Mandera akitangaza kwamba barabara mpya itaitwa jina la fulani. Watu wanapiga makofi, halafu mtandaoni vita vinaanza. Kwa nini huyu na si yule? Ukoo gani umepata, ukoo gani umenyimwa? Leo tuongee juu ya jambo hili bila kutaja mwanasiasa wala chama. Swali letu ni hili: jina la barabara au uwanja wa umma linapitishwaje, linaandikwaje, na nani anahakikisha linafika kwenye ramani? Maana majina mengi yanayopiganiwa huku nje hata ramani hayafiki.

2/
Tuanze na mamlaka. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachosema moja kwa moja "kaunti itazipa barabara majina." Kilichopo ni Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaloipa kaunti barabara za kaunti na mipango ya maendeleo, ikiwemo upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Kaunti inapata nguvu ya kutoa majina kupitia kazi hizo. Barabara kuu za kitaifa ni habari nyingine. A3 inayotoka Thika, ikapita Garissa hadi Liboi, iko kwenye orodha ya serikali ya kitaifa. Kaunti inaweza kupendekeza jina kwa kipande kinachopita mjini, lakini lazima ikae meza moja na mwenye barabara.

3/
Wengi bado wanasema "kanjo ndio wanajua." Skiza, baraza la manispaa la zamani liliondoka pamoja na mfumo wa serikali za mitaa baada ya uchaguzi wa 2013. Leo mji unaendeshwa na bodi ya manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na juu ya bodi kuna serikali ya kaunti na bunge lake. Kwa hivyo mwakilishi wadi akitangaza jina kwenye mkutano, hilo ni pendekezo tu. Hata mkubwa kumliko akikata utepe, bado ni pendekezo, mpaka kuwe na kumbukumbu za kikao zinazoonyesha nani alipendekeza, nani alikubali na jina liliandikwa vipi.

4/
Mamlaka pia yana mpaka. Ukivuka daraja la Mto Tana kutoka mjini Garissa unaingia Madogo. Watu wa Madogo wananunua, wanasoma na kutibiwa Garissa, lakini Madogo iko Kaunti ya Tana River. Bodi ya Garissa haiwezi kuweka kibao huko. Kaskazini, Modogashe imekuwa na mvutano wa mpaka kati ya Garissa na Isiolo. Mahali kama hapo kibao cha barabara hakisomwi kama jina tu. Kinasomwa kama bikoni, kama mtu amesema "hapa ni kwetu." Ndio maana kabla ya jina kujadiliwa, swali la kwanza ni: hii barabara imepimwa ndani ya mpaka wa nani?

5/
Sasa tuone jina linavyozaliwa kihalisia. Barabara mpya ya mjini hupata jina la kwanza kwenye karatasi za tenda. Mhandisi anahitaji kuiita kitu fulani, basi anaandika kutoka mahali A hadi mahali B: kutoka hospitali hadi msikitini, kutoka shuleni hadi soko. Jina hilo linaingia kwenye mkataba, kwenye bajeti, kwenye hati za malipo na kwenye ubao wa mradi ule unaosimama kando ya vumbi. Hakuna aliyeulizwa, na kusema kweli hakuna aliyekosea, kwa sababu mkataba hauwezi kusainiwa bila jina. Shida ni kwamba jina la muda linakaa miaka.

6/
Jina la pili linatoka kwa wenye tuktuk na bodaboda. Wao wanaita barabara kwa kile kinachoonekana: duka, mti, kituo cha mafuta, nyumba ya mtu anayejulikana. Hilo ndilo jina linalofanya kazi kila siku. Jina la tatu ndilo la bodi na bunge la kaunti, na kwa kawaida linachelewa kuliko yote mawili. Likija likiwa halina uhusiano wowote na yale mawili, watu hawalitumii. Likija na kuchukua lile ambalo watu tayari wanalisema, linashika siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mashauriano ni kuuliza: hapa mnapaitaje sasa hivi?

7/
Garissa ina utajiri wa majina ya aina hiyo. Kuna Bulla Mzuri, yenye neno la Kiswahili ndani yake, na Soko Ng'ombe, ambayo ni Kiswahili kabisa. Kuna Iftin na Waberi kutoka Kisomali, mwangaza na alfajiri. Kuna Bulla Madina, iliyochukua jina la mji mtukufu. Kuna Ngamia Road, ambayo ni Kiswahili na Kiingereza vimekaa pamoja bila kugombana. Hakuna kamati iliyokaa kubuni mchanganyiko huu. Mji wenyewe ulijitaja. Anayesema majina ya Garissa lazima yawe ya lugha moja tu hajauskiza mji.

8/
"Lakini jina ni jina, kelele ya nini?" Hebu tukumbuke mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Maji ya Tana yalikata njia kati ya Garissa na Madogo, watu wakavushwa kwa boti, na boti moja ikapinduka eneo la Kona Punda, watu wakafariki. Sasa, ndani ya mji wa Garissa kuna Bulla Punda. Fikiria mtu anapiga simu kwa haraka, mtandao unakatika, aliyepokea anasikia neno moja tu, "Punda." Atatuma msaada wapi? Mtu yeyote anayetoa majina mapya anatakiwa kuanza kwa kukagua orodha nzima ya majina ya karibu, na kukataa jina linalofanana na jingine masikioni, hata kama kwenye karatasi yanaonekana tofauti.

9/
Tuje kwa mashauriano. Ushirikishaji wa umma si hisani. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja kati ya maadili ya kitaifa, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liuwezeshe. Mahakama Kuu ilionyesha mwaka 2014 kwamba hili si la kuandika tu: iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Jaji alisema kaunti isitegemee tangazo la gazeti. Itumie mahali ambapo watu hukutana kweli: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha za wenyeji.

10/
Kesi hiyo ilihusu ushuru, lakini somo lake linaingia hapa moja kwa moja. Tangazo la Kiingereza kwenye gazeti la Nairobi halimfikii mama anayeuza maziwa Garissa. Linalomfikia ni tangazo baada ya swala ya Ijumaa, redio ya Kisomali, na chifu akipitisha ujumbe kwenye bulla. Saa pia ni muhimu. Baraza la saa saba mchana kwenye joto la Garissa litakuwa na maafisa watupu na vijana wanaongoja soda. Baraza la baada ya Alasiri litajaa. Na wakati wa kiangazi kikali, familia za wafugaji zikiwa zimehama na mifugo, kuuliza watu wa kijijini juu ya kiwanja chao ni kuuliza nyumba tupu.

11/
Nani mwingine husahaulika? Wanawake, kwanza, kwa sababu baraza la mchanganyiko mara nyingi linaongewa na wazee wanaume peke yao. Kikao chao tofauti kinatoa majina mengine kabisa: visima, masoko madogo, njia za kwenda shule. Pili, jamii ndogo za kando ya mto. Wamunyoyaya wamekaa ukingoni mwa Tana muda mrefu na wana majina yao ya sehemu za mto na mashamba. Ukipitisha orodha ya majina ya barabara za upande wa mto bila kuwauliza, unafuta majina yaliyokuwepo kabla ya mji kupanuka, na hakuna atakayegundua kwa sababu hayakuwahi kuandikwa.

12/
Utajuaje mashauriano yalikuwa ya kweli? Usiangalie picha za watu wengi chini ya hema. Uliza vitu vitatu. Je, watu walipewa zaidi ya jina moja la kuchagua, au waliitwa kupigia makofi jina lililokwisha kuamuliwa? Je, kuna maandishi ya yaliyosemwa na waliopinga? Je, ripoti inaeleza kwa nini mapendekezo mengine yalikataliwa? Kama vyote havipo, hicho kilikuwa kikao cha kutangaza. Na una haki ya kuomba karatasi hizo: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako.

13/
Sasa sehemu inayochoma: kuipa barabara jina la mtu. Katikati ya 2021 pale Kileleshwa, Nairobi, barabara ya Dik Dik Gardens iliamka na kibao kipya chenye jina la kiongozi wa wafanyakazi ambaye yuko hai. Kibao kiling'olewa. Kikarudishwa. Kikachomwa moto. Mtu akisema Wakenya hawajali majina ya barabara, mwonyeshe mfano huo. Na tazama lawama zilivyokwenda. Watu hawakubishana tu juu ya sifa za mhusika. Wengi walikuwa wanauliza, "Nani aliulizwa?"

14/
Kuna mwongozo juu ya hili. Mwaka 2002 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu majina ya kijiografia, uliofanyika Berlin, ulipitisha azimio linalozishauri nchi zisiwape mahali majina ya watu walio hai, na ziweke muda wa kungoja baada ya mtu kufariki. Si sheria ya Kenya, ni ushauri. Lakini sababu yake inaeleweka hata Garissa: mtu aliye hai bado anaweza kugombea, kushtakiwa, kuhama upande au kugombana na nusu ya mji. Na mahali ambapo kila jina la mtu linasomwa kwa jicho la ukoo, muda wa kungoja unapunguza joto.

15/
Lakini si kila jina la kumbukumbu ni la mtu. Novemba 1980 Garissa ilipitia operesheni ya usalama ambayo watu wa huko bado wanaisimulia. Nyumba zilichomwa na Bulla Kartasi ikawa jina la msiba. Februari 1984 ikaja Wagalla, kwenye kiwanja cha ndege karibu na Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika matukio yote mawili kwenye ripoti yake ya 2013. Uwanja au barabara ikibeba jina kama hilo, haigawi watu wa mji kwa ukoo. Inasema tu: haya yalitokea hapa. Hapo mjadala unahamia kwa familia za waathiriwa, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.

16/
Na hapa ndipo tahajia inaacha kuwa jambo dogo. Tafuta habari za msiba huo wa 1980. Utakuta "Bulla Kartasi" kwenye maandishi mengine, "Bulla Karatasi" kwenye mengine, na mahali pengine "Bula" yenye L moja. Neno ni karatasi la Kiswahili, irabu moja imemezwa kwenye matamshi. Mtu anayetafuta kwa tahajia moja anaweza kukosa kilichoandikwa kwa nyingine. Kijana anayetafuta jina la babu yake kwenye kumbukumbu anaweza kuambiwa na kompyuta kwamba hakuna kitu. Kitu kipo. Ni herufi moja tu imekaa kati yake na babu.

17/
Kwa nini Kaskazini Mashariki ina shida hii kuliko kwingine? Kwa sababu Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo maafisa wa kikoloni walikuwa wameshaandika majina ya mahali kwa jinsi masikio ya Mwingereza yalivyosikia. Kisima ni "ceel" kwa Kisomali, ile C ikiwa sauti ya kooni kama herufi ain ya Kiarabu. Mwingereza aliandika "El." Ndio tukapata El Wak, ambayo Msomali anayefuata tahajia yake ataandika Ceelwaaq. Modogashe nayo utaiona Madogashe, utaiona Mado Gashi. Mahali ni pamoja, barua tatu tofauti.

18/
Tahajia zingine zimeshaingia kwenye sheria. Wadi za Garissa Township ni Waberi, Galbet, Township na Iftin. Kwa tahajia ya Kisomali sanifu mwangaza ni "iftiin" na alfajiri ni "waaberi," zenye irabu ndefu. Wajir Mashariki wana wadi ya Wagberi, ambayo kwa sikio la Msomali ni alfajiri ile ile na G ndani. Je, tuanze kurekebisha yote? Hapana. Jina la wadi liko kwenye sajili ya wapiga kura, kwenye bajeti na kwenye maelfu ya nyaraka. Kurekebisha herufi moja huko kunazalisha wadi mbili kwenye kompyuta.

19/
Tufanye mfano wa kubuni ili ieleweke. Tuseme barabara mpya imekatwa ndani ya wadi ya Iftin, na mashauriano yamechagua neno "barwaaqo," yaani neema, mvua na malisho. Katibu anaandika "Barwago" kwa sababu ndivyo wadi moja ya Wajir inavyoandikwa. Mwalimu wa Kisomali anasema ni "Barwaaqo." Mchoraji wa kibao anaandika "Barwako" kwa sababu hajazoea Q bila U. Hapa kanuni tatu zinamaliza ubishi. Jina lililo kwenye sheria libaki lilivyo. Jina jipya liandikwe kwa tahajia ya lugha linakotoka. Jina la mtu liandikwe kama alivyoliandika mwenyewe kwenye kitambulisho na kazi zake.

20/
Kwa hivyo barabara yetu ni Barwaaqo. Ile ya Wajir inabaki Barwago, na hakuna mgongano. Kanuni ya tatu ndiyo inayozuia mtu aliyeitwa Hassan maisha yake yote asibadilishwe kuwa Xasan akiwa kaburini, hata kama Xasan ndiyo tahajia sahihi ya Kisomali. Na majina ya Kiswahili nayo yana mtego wake. Soko Ng'ombe ina kile kialama cha juu, na mifumo mingi ya kompyuta inakikata ikabaki "Soko Ngombe." Basi sajili iweke jina rasmi mara moja, halafu pembeni iorodheshe namna nyingine zote ambazo watu huandika, ili anayetafuta kwa yoyote kati ya hizo afike.

21/
Sasa usajili, mahali ambapo majina mengi hufia. Baada ya kikao kupitisha, lazima kuwe na sajili moja, na kila jina liwe na mstari wake: jina rasmi, lugha, tahajia nyingine, barabara inaanzia wapi na kuishia wapi kwa alama za GPS, tarehe ya uamuzi na namba ya kumbukumbu za kikao. Kisha nakala iende ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti, kwa Idara ya Upimaji ya Kenya, na kwa posta, polisi, zimamoto na hospitali. Kibao kiwe hatua ya mwisho. Huku kwetu mara nyingi kibao ndicho hatua ya kwanza na ya pekee, kwa sababu kibao kinapigwa picha na sajili haipigwi picha.

22/
Usitegemee ramani ya zamani ikusaidie. Ramani za kawaida za serikali kwa sehemu kubwa ya kaskazini ni za kipimo cha 1:100,000, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, wakati kusini mwa nchi nyingi ni 1:50,000. Kwenye kipimo hicho mji mzima wa Garissa unabanwa kwenye sentimita chache. Hakuna nafasi ya barabara ya bulla. Kwa hivyo barabara ya mtaani ikikosa kuingia kwenye ramani ya mipango ya manispaa na ramani za mtandaoni, haina mahali pengine pa kuonekana.

23/
Ramani za mtandaoni zina tabia yake. Google Maps inapokea marekebisho kupitia "Suggest an edit" na kuyakagua yenyewe. OpenStreetMap iko wazi kwa yeyote, na kanuni yake ni kuandika kinachoonekana ardhini. Maana yake mchoraji akiandika "Barwako" kwenye kibao, mtu mwaminifu ataiingiza hivyo hivyo duniani nzima. Ofisi ya manispaa yenye kijana mmoja na kompyuta inaweza kuliingiza vizuri kwa mistari michache:

```
highway=residential
name=Barabara ya Barwaaqo
name:so=Waddada Barwaaqo
alt_name=Barwago Road
```

Jina rasmi juu, la Kisomali chini yake, na ile tahajia ya mtaani isipotee. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandao mpaka vijana wa hapo walipoichora wenyewe kuanzia 2009. Kwa hivyo kazi hii haingojei Nairobi.

24/
Neno moja juu ya viwanja vya umma. Jina si hati. Unaweza kukiita kiwanja jina tukufu kabisa, ukaweka kibao cha marumaru, na bado kikageuka ploti za watu. Kinachokilinda ni kupimwa, kupewa namba ya ardhi na kuandikishwa kama ardhi ya umma inayoshikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi, kama Kifungu cha 62 cha Katiba kinavyosema. Jina linasaidia kwa njia moja: "ile field pale nyuma" ni ngumu kuitetea kwenye barua au kortini, kiwanja chenye jina na namba ni rahisi. Kwa hivyo ukialikwa kwenye sherehe ya kuzindua jina la kiwanja, uliza namba yake ya ardhi kabla ya soda.

25/
Basi safari hii mtu akitangaza jina la barabara jukwaani, kabla hujaingia kwenye vita vya "wetu na wao," muulize maswali haya. Barabara ni ya kaunti au ya kitaifa? Kumbukumbu za kikao ziko wapi, na zina tarehe gani? Watu wa hapo walikuwa wanapaitaje, na kwa nini hilo halikuchukuliwa? Tahajia rasmi ni ipi, herufi kwa herufi? Limeshaandikwa kwenye sajili, na Idara ya Upimaji imepata barua? Asiye na majibu ya maswali hayo ametoa jina la mkutano, na jina la mkutano huisha spika zikizimwa.

26/
Na kama wewe ni mkazi, huhitaji kungoja kutangaziwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti yako. Kaeni watu wa mtaa mmoja, andikeni jina mnalolitumia tayari, mlieleze maana yake, mlikague lisifanane na la jirani, mkubaliane tahajia, mchore barabara inapoanzia na inapoishia, mtie saini. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni chini ya uzi huu bulla yenu mnaiandikaje, L moja au mbili, tuone tuko wangapi.